Fundi Aliyenyoosha Usukani

Kitu cha kwanza Nasra alichokiona kilikuwa mikia miwili. Kwenye dashibodi, pembeni mwa mshale wa mwendo, kilitokea kigari kidogo cha rangi ya njano, na nyuma yake mikia miwili iliyojipinda kama nyungunyungu waliotoka baada ya mvua. Hapakuwa na mlio wala mtikisiko. Kigari kiliwaka tu na kutulia, kama mgeni aliyeingia ndani bila kubisha hodi akajichagulia kiti.

Walikuwa ndiyo kwanza wametoka gereji ya Ibrahimu, wamenyoosha barabara ya Ihumwa kurudi mjini. Shangazi Mwamvua alikaa kiti cha nyuma kama kawaida yake, maana alisema mwenye gari hakai mbele na dereva, hata kama dereva ni mtoto wa kaka yake.

"Shangazi, kuna taa imewaka."

"Gari limetoka kutengenezwa, lazima liwake," alisema Shangazi Mwamvua. "Ibrahimu ameligusa lote. Hujaona usukani ulivyonyooka? Umenyooka kama saa sita."

Kweli, usukani ulikuwa umenyooka. Wiki iliyotangulia Nasra aliingiza tairi la mbele kwenye shimo kubwa, na tangu siku hiyo gari lilikuwa likivuta upande kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Ibrahimu alibadilisha tairodi, ile fito ya chuma inayosukuma tairi dereva anapokata kona, kisha akapiga alaimenti, yaani kuyapanga magurudumu yatazame mbele sawasawa. Jumanne hiyo alilikabidhi gari mbele ya watu, ameshika kitambaa cheupe, akifuta usukani ambao haukuwa na vumbi.

Lazima isemwe mapema Ibrahimu alikuwa nani, kwa kuwa yeye mwenyewe asingesubiri aulizwe. Alikuwa fundi wa alaimenti mwenye bango kubwa kuliko gereji. Juu ya bango palichorwa gari jekundu lenye tabasamu, na chini yake maandishi: INJINIA IBRA, UKINYOOSHWA UMENYOOKA. Uinjinia huo hakuna aliyejua aliupata chuo gani. Wenye wivu walisema aliupata kwa mchora mabango.

Huyo Ibrahimu alikuwa akimposa Nasra.

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Shangazi Mwamvua alimlea Nasra tangu mama yake alipofariki kule Kondoa. Alimfundisha kupima kitenge kwa mkono, kumsoma mteja kabla hajafungua mdomo, na kwa fedha yake mwenyewe alimpeleka shule ya udereva, jambo ambalo ndugu walilicheka mpaka gari liliponunuliwa. Mwezi uliopita, posa ilipoletwa, alimketisha Nasra mkekani akamuuliza kama inavyotakiwa: je, yuko radhi? Nasra aliinamisha kichwa. Alitazama kidole gumba cha mguu wake kwa muda mrefu. Hakusema kitu.

"Amekubali!" alitangaza Shangazi Mwamvua, akapiga kigelegele majirani wakatoka nje.

Wazee walikwisha kufundisha tangu zamani: mwari akiulizwa akanyamaza, ukimya wake ndiyo jibu, na jibu ni ndiyo. Nasra aliijua sheria hiyo vizuri kama mtu mwingine yeyote. Tatizo ni kwamba yeye alinyamaza kwa kila kitu. Akiulizwa kama ameshiba alinyamaza. Konda akimrudishia chenji pungufu alinyamaza. Katika maisha yake yote, kama ukimya ungekuwa ndiyo, angekuwa amekubali kuolewa na nusu ya wanaume wa Dodoma pamoja na mwuza maji mmoja mwenye punda.

Sasa wajomba wa Ibrahimu walikuwa waje Ijumaa baada ya swala ya Alasiri kuchukua jibu rasmi. Likishatoka mbele ya wazee, halirudi.

*

Jumatano asubuhi Nasra alirudi gereji. Taa ilikuwa bado imewaka, na yeye hakuzoea kuishi na kitu kinachomwangalia.

Ibrahimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya hadhira yake: wanaume wanne wasio na gari wala haja ya kutengenezewa gari, ambao hata hivyo hawakukosa siku hata moja.

"Mke mtarajiwa huyo!" alisema mmoja wao, jina lake Zaidi, na wote wakacheka, Nasra akatazama chini.

"Taa imewaka," alisema kwa sauti ndogo.

"Taa gani?"

"Ya gari lenye mikia."

Ibrahimu aliinuka taratibu, akaingiza kichwa dirishani, akakitoa. "Hiyo? Hiyo inakusalimia." Hadhira ikacheka. "Sikiliza, Nasra. Gari la kisasa lina akili. Likiguswa na fundi mkubwa, linashtuka. Ni kama mgonjwa aliyetoka kuchomwa sindano. Mwache apumzike."

"Kwa muda gani?"

"Mwone huyo! Anamhoji injinia!" alisema Zaidi.

Ibrahimu alimwonyesha kwamba hana cha kuhofia. Alifungua boneti, akachomoa waya wa betri, akausubirisha huku akisimulia jinsi alivyowahi kulinyoosha gari la mkubwa fulani mpaka mkubwa akalia machozi. Akarudisha waya. Nasra akawasha. Taa zote za dashibodi ziliwaka pamoja kama kawaida, zikazimika moja moja, na yenye mikia ikazimika nayo.

"Umeona?"

Nasra alikwenda mpaka kwenye kona ya kwanza, akaikata, akanyoosha barabara. Kigari cha njano kikarudi na mikia yake miwili. Akageuza, akarudi.

Safari hii Ibrahimu alileta kidude kidogo cheusi, ukubwa wa kiberiti, akakichomeka chini ya usukani na kutazama simu yake. Kidude hicho kilikuwa cha kusoma injini, na injini ilikuwa nzima, kwa hiyo kilisema hakuna tatizo. Ibrahimu aliwaonyesha wote simu, mmoja mmoja, mpaka yule aliyekuwa amesinzia. "Kompyuta imesema! Nani anabishana na kompyuta?"

Taa ilikuwa inawaka usoni pake.

"Usukani umenyooka?" Ibrahimu alimwuliza Nasra.

"Umenyooka."

"Gari linavuta?"

"Halivuti."

"Tairi zinakula upande?"

"Bado sijajua."

"Basi unataka nini zaidi? Wanawake bwana. Ukimpa dashibodi anaitazama kama kioo cha saluni." Akampa soda, akamwonyesha benchi la nyuma ya ukuta. "Kanywe kule kwenye kivuli. Ukirudi, taa utaitafuta kwa tochi."

Nasra alikunywa soda ambayo hakuitaka. Nyuma ya ukuta alisikia bisibisi ikifanya kazi, plastiki ikilia, na Zaidi akisema, "Wewe ni shetani, Ibra," kwa sauti ya mtu anayemsifu shetani. Aliporudi, kigari chenye mikia hakikuwepo. Alikata kona, akanyoosha, akaenda mpaka sokoni. Hakikurudi.

Jioni Shangazi Mwamvua alisikia habari hizo akafurahi kama aliyeokota fedha. "Nilikwambia! Huyo ni mume, siyo hawa wanaokaa vijiweni."

Nasra hakumwambia kwamba Ibrahimu alikaa kijiweni, tofauti yake kijiwe kilikuwa chake.

*

Alhamisi ilikuwa mnada wa Zuzu. Mvua ilinyesha kabla ya alfajiri na kuacha udongo mwekundu ukiwa laini kama ugali ambao haujaiva. Nasra alipakia marobota ya vitenge peke yake, akaketi, akageuza ufunguo.

Taa zote ziliwaka pamoja: ya mafuta, ya betri, ya breki ya mkono, ya mikanda. Ndiyo desturi ya gari, huziwasha zote kwa kitambo kidogo ili dereva aone kwamba zipo hai. Nasra alizitazama kama anavyozitazama kila siku, na kati yake akaona pengo. Pale palipokuwa pa kigari chenye mikia palikuwa peusi. Hata sasa, wakati wa kujionyesha, hakikujionyesha.

Taa iliyopona ingewaka na kuzimika na wenzake. Hii haikuzimika. Ilikuwa imefunikwa mdomo.

Alikaa na wazo hilo, injini ikinguruma. Kisha, kama kawaida yake, hakusema kitu, na mle ndani ya gari hakukuwa hata na mtu wa kutomwambia. Akaondoka.

Alitoka kwenye lami, akashika njia ya udongo. Kwenye kona moja ya kushuka, nyuma ya gari ikaanza kwenda kwa njia yake yenyewe. Nasra aliijua hali hiyo. Ilimtokea masika yaliyopita, na masika yaliyopita gari lilijishika lenyewe. Breki ilitetemeka chini ya unyayo wake bila yeye kuikanyaga, tairi moja likabanwa, na gari likarudi njiani kabla moyo haujajua kilichotokea. Safari hii alingoja mkono huo usioonekana. Haukuja. Gari lilizunguka taratibu, kwa adabu kabisa, likaketi kwenye mtaro pua ikitazama lilikotoka.

Hakuumia. Robota moja lilimwangukia begani, na vitenge ni laini. Lakini alipotoka aliona kwamba hatua chache mbele mtaro uliishia kwenye karavati la zege, na zege si kitenge.

Vijana waliokuwa wakienda mnadani walimsukuma mpaka njiani. Mmoja wao alipoulizwa kama kuna fundi wa karibu alisema, "Nenda Mkonze kwa Anyesi. Lakini jiandae, ana mdomo."

*

Anyesi alikuwa Mgogo mnene wa makamo, mwenye ovaroli iliyokatwa mikono na vipuli vya dhahabu. Gereji yake ilikuwa na sakafu ya zege iliyopimwa kwa maji ikawa sawa kabisa, na hapakuwa na benchi la wageni. Alisema mtu akikaa ataanza kutoa ushauri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakutengenezea?" Alikuwa bado hajaligusa gari.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umekuja na uso wa mtu aliyetengenezewa."

Nasra alimweleza. Alieleza shimo, tairodi, alaimenti, taa, soda, na pengo jeusi. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa, na mwisho wake akaishiwa pumzi. Anyesi hakumkatiza. Alichomeka mashine yake, kubwa kama kitabu cha hesabu za shule, akalivuta gari mpaka magurudumu ya mbele yakatazama mbele sawasawa, akamwita aje aone.

Usukani ulikuwa umenyooka. Kwenye mashine paliandikwa kwamba umekatwa kushoto, digrii tisa.

"Macho yako yanasema nini?" aliuliza Anyesi.

"Umenyooka."

"Gari linasema linakata kona. Linakata kona tangu Jumanne, maskini, na halifiki."

Alianza kucheka, tumbo likitikisa ovaroli. Kisha akakata betri, akangoja, akatoa mfuko wa hewa wa usukani, akamulika katikati. Kiwandani walikuwa wameweka alama mbili ndogo, moja kwenye usukani na moja kwenye mhimili wake, ziangaliane. Hazikuangaliana. Usukani ulikuwa umesogezwa jino moja kwenye meno ya mhimili.

"Umeona mchezo wake? Alibadilisha tairodi ya kushoto. Alipopima, akarekebisha upande mmoja tu. Magurudumu yakawa sawa, lakini usukani ukakaa upande. Hapo fundi mwenye subira anarudi chini ya gari, anazungusha fito ya kushoto na ya kulia kiasi kilekile mpaka usukani urudi katikati. Kunachafua nguo. Yeye kafanya nini? Kaung'oa usukani, kauzungusha, kaurudisha ukiwa umenyooka. Kama kumvalisha kofia vizuri mtu aliyepinda shingo."

"Na taa?"

"Chini ya usukani, kwenye mhimili, kuna sensa, kidude cha kupima. Inaiambia kompyuta dereva anataka kwenda wapi. Kuna sensa nyingine katikati ya gari, inasikia gari linageuka kweli au haligeuki, na kuna za kila gurudumu. Sensa ya usukani inapiga kelele, 'Kushoto! Kushoto!' Nyingine zote zinasema, 'Mbona tunakwenda moja kwa moja?' Kompyuta ikaona nyumba hii ina mwongo na haijui ni nani. Ikajitoa, ikakuwashia taa: dada, ukiteleza leo, usinitegemee." Alivuta kitu kwa koleo kutoka nyuma ya dashibodi, akakiinua kwenye mwanga. Kipande cha solotepu nyeusi. "Halafu mwenzio akaiziba."

Nasra alikitazama kipande kile. Kilikuwa kimekatwa kwa uangalifu sana, pembe nne sawasawa. Pengine ndiyo kazi safi kuliko zote ambazo Ibrahimu alikuwa amezifanya kwenye gari hilo.

Simu yake ikalia. Shangazi Mwamvua alikuwa amesikia kutoka mnadani kwamba gari limeonekana mtaroni. "Uko wapi? Umeumia? Vitenge vimelowa? Usiguse kitu! Usimruhusu mtu aguse kitu! Nakuja na Ibrahimu!"

*

Walikuja kwa pikipiki mbili. Ibrahimu alivaa miwani ya jua na shati jipya, na Zaidi alikuja nyuma yake, kwa kuwa injinia hasafiri bila hadhira. Shangazi Mwamvua alimpapasa Nasra kichwa, mabega, mikono, akamkuta mzima, ndipo akaanza kumgombeza.

"Mwendo! Si nilikwambia mwendo!"

"Ni mwendo, mama mkwe," alisema Ibrahimu. "Gari lilitoka kwangu likiwa zima. Barabara ya udongo haitaki haraka. Na huyu mama," aliongeza akimtazama Anyesi, "naona ameshaanza kulifungua. Ukilifungua gari zima unatafuta ubaya."

"Mbukwa, baba," Anyesi alimsalimia kwa Kigogo. "Wewe ndiye uliyesogeza usukani?"

"Niliunyoosha."

"Njoo usome hapa."

Ibrahimu alisoma. Midomo yake ilitembea. "Mashine yako mbovu," alisema hatimaye. "Hii yangu ilisema hakuna tatizo."

"Ile ya ukubwa wa kiberiti? Hiyo haijui hata kama gari lina usukani."

Zaidi akacheka, kisha akakumbuka yuko upande gani, akakohoa.

Anyesi aliinua solotepu. "Na hii?"

Shangazi Mwamvua alimgeukia mkwe wake. Kwa mara ya kwanza Nasra aliona kivuli cha shaka usoni pa shangazi yake. Lakini Ibrahimu hakuwa mtu wa kuanguka kwenye shimo ambalo anaweza kulichora kama ngazi.

"Hiyo niliiweka kwa huruma," alisema, sauti ikishuka, mkono kifuani. "Binti alikuwa hapati amani. Anaitazama taa, anatetemeka. Mama mkwe, wewe unamjua, ni mwoga. Nikasema, mke wangu asiishi kwa hofu. Nikamzibia. Ni mapenzi hayo."

"Ya Rabi," alisema Shangazi Mwamvua, na kivuli kikafutika. "Umesikia, Nasra? Mapenzi."

Anyesi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaingia chini ya gari.

Alirudisha usukani kwenye jino lake, alama zikaangaliana. Akaushikiza ukae katikati, akazungusha fito zote mbili, hii ndani, ile nje, kiasi kilekile, akapima, akazungusha tena, mpaka magurudumu yakatazama mbele nao usukani ukiwa hapohapo. Akasoma mashine. Ilikuwa karibu na sifuri.

"Si basi?" alisema Ibrahimu. "Karibu na sifuri ni sifuri."

"Karibu na nyumbani siyo nyumbani. Lazima niifundishe upya katikati iko wapi. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yanyooke, na mtu asiliguse. Asiliguse kabisa." Akabonyeza mashine.

Ikakataa. Akabonyeza tena, ikakataa tena. Wote wakageuka. Ibrahimu alikuwa ameingiza mkono dirishani na kuushika usukani, akimwonyesha Shangazi Mwamvua jinsi alivyouzungusha kwa ustadi siku ya Jumanne, kidogo kushoto, kidogo kulia.

"Baba," alisema Anyesi, "nenda kasimame pale kwenye mwarobaini."

"Mimi ni fundi mwenzio."

"Ndiyo maana nakuonyesha kivuli. Angekuwa mteja ningemfukuza."

Alikwenda. Zaidi alimfuata, mabega yakimtetemeka. Anyesi alinyoosha magurudumu upya, akangoja gari litulie, akabonyeza, na mashine ikalia mlio mmoja mfupi. Sifuri. Alimpa Nasra ufunguo, akakaa kando yake na mashine mapajani, wakatoka barabarani. Walipowasha, taa zote zilijionyesha, na yenye mikia ikiwa kati yake, kisha zote zikazimika. Nasra alikata kushoto, akakata kulia, akanyoosha. Kigari hakikutokea. Dashibodi ilikuwa tupu, tupu ya kweli.

"Huyo kijana ni nani wako?" aliuliza Anyesi.

Nasra alinyamaza.

"Haya," alisema Anyesi, akatazama dirishani. "Mimi nimeuliza tu. Gari linazungumza kuliko wewe."

*

Waliporudi, Shangazi Mwamvua alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu, Ibrahimu akimpepea kwa kipande cha boksi.

"Imezimika?"

"Imezimika," alisema Nasra.

"Si nilisema!" Ibrahimu aliruka. "Nilisema tangu Jumanne, gari limeshtuka, liacheni lipumzike, litazima lenyewe. Zaidi, nilisema sikusema?"

"Ulisema," alisema Zaidi. "Hilo ulisema."

"Mama huyu amesaidia tu kubonyeza."

Anyesi alikuwa akifuta mikono. Alionekana kama mtu anayetazama kuku akipanda juu ya meza: anajua atashuka, hana haraka.

"Mkwe wangu ana mkono wa kazi, lakini hana majivuno," alisema Shangazi Mwamvua, akiinuka na kujikung'uta kanga. "Angekuwa mwingine angegombana hapa. Haya twendeni, nina kazi. Kesho wazee wanakuja, sijachagua hata mchele. Ibrahimu, mjomba wako mkubwa anakula pilipili?"

"Anakula, mama mkwe."

"Basi nitamwambia yeye kwanza, kisha nimpigie kaka kule Kondoa asikie mwenyewe. Jibu ni moja. Nilimwuliza huyu mtoto kwa adabu zote, pale mkekani, akanyamaza. Na sasa hivi mnamwona, amenyamaza. Mwari wa heshima hana maneno mengi." Akamshika Nasra kidevu. "Siyo, mwanangu?"

Ibrahimu alivua miwani ya jua ili apokee vizuri.

Nasra aliinamisha kichwa. Miguuni pake, juu ya zege, kipande cha solotepu alichokidondosha Anyesi kilikuwa kimenata kwenye ncha ya kiatu cha Ibrahimu, na Ibrahimu hakujua. Nasra alikitazama kwa muda ambao Shangazi Mwamvua tayari alikuwa ameuhesabu kuwa ndiyo. Alikuwa ameshageuka, ameshaita pikipiki.

"Shangazi."

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Zaidi alirudi nyuma hatua moja.

"Nini tena?"

"Shangazi, wewe umenilea. Kila nilicho nacho umenipa wewe, ndiyo maana sikujua pa kuanzia. Lakini siku ile mkekani sikukubali. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa natafuta neno la kukataa ambalo halitakuumiza, na mpaka leo sijalipata. Kwa hiyo nalisema hivihivi: simtaki Ibrahimu. Usiwaambie wazee ndiyo. Ukiwaambia, nitatoka mwenyewe mbele yao niseme hapana, na nitaisema kwa sauti hii."

Shangazi Mwamvua aliushusha mkono aliokuwa ameuinua kuita pikipiki.

"Kwa ajili ya taa?" alisema Ibrahimu. "Unaniacha kwa ajili ya taa ya gari?"

"Hapana," alisema Nasra. "Hata taa isingewaka, nisingekutaka."